Selimundu, seli shabaha na blasti: kusoma slaidi ya damu bila kudanganywa na pacha zao

Makosa yanayojirudia kwenye slaidi za damu ni yale yale matatu. Mtu anaandika seli shabaha kumbe ni unyevu wa masika. Anaandika selimundu kumbe ni seli zilizoburutwa na slaidi ya kuvutia. Au mashine ya kuhesabu damu inaleta onyo la blasti, yaani seli nyeupe changa mno, naye analithibitisha bila kutazama vizuri, kumbe ni seli nyekundu ambazo bado zina kiini. Kila moja ya seli hizi tatu ina pacha wa uongo, kwa hiyo mwongozo huu unamfuata pacha kama unavyoifuata seli yenyewe.

Umeandikwa kwa maabara za Kigoma. Hewa ya ziwani imejaa maji kuanzia Novemba hadi Aprili, na sampuli nyingine hukaa kwenye boti saa nyingi kabla ya kufika mjini. Mambo hayo mawili huharibu slaidi nyingi kuliko ubaya wa hadubini.

## Andaa hivi kwanza

- Slaidi mpya zilizofutwa kwa methanoli, na nyingine moja yenye ukingo laini kwa ajili ya kuvutia. Ya kuvutia iwe nyembamba kidogo, ili kingo za damu zibaki ndani ya slaidi.
- Damu ya kwenye EDTA, kichupa kikiwa kimejazwa hadi mstari. Kikijazwa nusu, EDTA inazidi na seli zinasinyaa.
- Methanoli safi isiyo na maji. Spiriti ya kufutia ngozi haifai.
- Rangi ya Leishman au Giemsa, pamoja na bafa ya pH 6.8. Bafa ya 7.2 mnayotumia kwa malaria inaonyesha vimelea vizuri, lakini inazifanya seli nyekundu ziwe za kijivu-buluu na kukuharibia maumbo.
- Feni ndogo, penseli, na mafuta ya lenzi ya 100. Mafuta ya kupikia yanaacha utando kwenye lenzi, usiyajaribu hata siku moja mmeishiwa.
- Damu ya mtu mzima mwenye afya, iliyotolewa siku hiyo hiyo. Hii ndiyo hurukwa mara nyingi, na ndiyo itakayokuokoa.

## Hatua ya 1: Vuta slaidi mbili, ya mgonjwa na ya mwenye afya

Weka tone lenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, sentimita moja kutoka mwisho wa slaidi. Gusisha slaidi ya kuvutia kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, subiri damu itambae upande wote wa ukingo, kisha sukuma mara moja bila kusita.

Damu ya mtu aliyepungukiwa sana, kwa mfano mwenye hemoglobini chini ya 7, ni nyepesi na hukimbia. Inua pembe kidogo na usukume kwa kasi zaidi. Ukitumia mkono ule ule wa kila siku, utapata utando mrefu mwembamba usio na mahali pa kusomea.

Slaidi iliyofaulu ina ulimi wa takriban sentimita 3, unaanza mzito na kuishia mwembamba kabla ya kufika mwisho wa kioo, bila mistari wala matundu. Andika namba ya mgonjwa kwa penseli kwenye sehemu nzito. Wino wa kalamu huondoka na methanoli.

Kama sampuli inatoka kijiji cha mbali cha mwambao, waombe wahudumu wa zahanati wavute slaidi palepale, waikaushe, na waitume kavu pamoja na kichupa. Damu ikishakaa kwenye EDTA zaidi ya saa mbili inaanza kubadilika. Baada ya saa sita au nane kwenye joto, seli nyekundu zinaota miiba, na viini vya seli nyeupe vinalainika hadi vifanane na vya blasti. Sura iliyopotea hairudishwi na rangi nzuri.

## Hatua ya 2: Kausha upesi

Iweke mbele ya feni mara tu unapomaliza kuvuta. Iwe imekauka kabisa ndani ya dakika moja.

Hapa ndipo seli shabaha za uongo huzaliwa. Utando ukikauka polepole kwenye hewa nzito, maji yanayobaki juu ya seli huyeyusha na kuhamisha hemoglobini, nayo hurudi katikati au pembeni bila mpangilio. Ukiongeza methanoli ambayo tayari imenyonya maji ya hewani, tatizo linakuwa maradufu. Basi mimina methanoli ya siku moja tu kwenye kichupa kidogo, na chupa kubwa uifunge barabara. Kilichobaki jioni usikirudishe.

## Hatua ya 3: Gandisha na utie rangi

Kwa Leishman huhitaji kugandisha peke yake, kwa sababu rangi yenyewe ina methanoli. Funika utando wote kwa rangi kwa dakika 2. Ongeza bafa mara mbili ya kiasi cha rangi, changanya kwa kupuliza polepole, uache dakika 7 hadi 10. Osha kwa bafa mpaka utando uwe wa waridi, kisha isimamishe ikauke.

Kwa Giemsa, gandisha kwanza kwa methanoli dakika 3. Halafu tia rangi iliyochanganywa mililita 1 kwa mililita 9 za bafa, kwa dakika 15 hadi 20.

Kabla hujaangalia kitu kingine chochote, tafuta nyutrofili moja. Kiini chake kiwe cha zambarau, saitoplazimu iwe ya waridi hafifu yenye punje ndogo, na seli nyekundu za jirani ziwe za waridi. Nyutrofili ikiwa bonge la buluu-nyeusi, slaidi hiyo haijafaa kusomewa blasti. Tengeneza nyingine.

## Hatua ya 4: Chagua mahali pa kusomea

Anza na lenzi ya 10 na upite mkiani na kwenye kingo zote mbili. Seli kubwa husukumwa huko wakati wa kuvuta. Ukisoma katikati peke yake unaweza kuzikosa blasti chache.

Kisha rudi nyuma kidogo kutoka mkiani, mpaka ufike mahali ambapo seli nyekundu zimelala moja moja, chache tu zikigusana. Seli ya kawaida hapo ina weupe katikati, unaochukua kama theluthi moja ya upana wake, kama andazi lililobonyezwa kwa kidole. Tia mafuta, shusha lenzi ya 100.

Ukienda mbele zaidi kuelekea mkiani, seli zote zinalala bapa na weupe unapotea. Ukirudi nyuma zaidi, zinapangana kama sahani kabatini. Hukumu juu ya umbo haitolewi sehemu zote hizo mbili.

## Hatua ya 5: Seli shabaha

Fikiria sahani nyeupe yenye tonge la ugali katikati. Ukingo ni wa waridi, unafuata mzunguko mweupe, na katikati kuna doa la waridi lenye rangi ile ile ya ukingo. Wakati mwingine doa limeunganishwa na ukingo upande mmoja, kama kisiwa kilichopata daraja. Hiyo nayo ni seli shabaha.

Umbo hilo hutokea pale ngozi ya seli inapokuwa pana kuliko kilichomo ndani, ikabidi ijikunje katikati. Kwa hiyo sababu ni za namna mbili. Ama ndani pamepungua, kama kwenye thalasemia, selimundu na pengine upungufu wa madini ya chuma, ama ngozi imeongezeka mafuta, kama kwenye ugonjwa wa ini na njia ya nyongo iliyoziba. Mtu aliyeondolewa bandama huwa nazo pia.

Sasa pacha wake. Zungusha skrubu ndogo ya kulenga mbele na nyuma. Seli shabaha ya kweli inafifia taratibu, na mpaka kati ya nyeupe na waridi ni laini. Ya unyevu inang'aa: mzunguko wake una ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe, na ukizungusha skrubu unageuka kutoka mweupe unaometa kuwa mweusi. Tena hukaa kwa mafungu, upande mmoja umejaa na upande mwingine hakuna.

Ukibaki na shaka, weka slaidi ya yule mwenye afya. Zikionekana na huko, chanzo ni feni au methanoli yako.

## Hatua ya 6: Selimundu

Ile inayohesabika kweli ni seli iliyorefuka, iliyochongoka ncha zote mbili, iliyopinda kidogo au iliyonyooka kama mtumbwi, na iliyojaa rangi nzito bila weupe katikati. Hilo la mwisho lina uzito kuliko kupinda. Seli ndefu yenye weupe katikati na ncha za mviringo ni yai au penseli, wala si mundu.

Pacha wake hupatikana mkiani mwa slaidi, ambako seli zimeburutwa. Angalia zimeelekea wapi. Zikiwa zote zimelala upande mmoja, kama majani yaliyolazwa na upepo, ni mkono wako uliozifanya hivyo. Selimundu za kweli zimetapakaa kila upande, na ziko kwenye sehemu nzuri ya kusomea.

Ukiziona, tafuta majirani zake. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu kwa kawaida ana seli shabaha, seli nyekundu kubwa za kibuluu ambazo ni changa, na seli nyekundu zenye kiini. Mara nyingi pia kuna vidoa vya Howell-Jolly, maana bandama yake imekwisha kufa mapema. Kidoa hicho ni kimoja, cha mviringo, cha zambarau nzito, ndani ya seli nyekundu. Kwetu huku ambako kila anayeshika hadubini macho yake yamezoea malaria, kidoa hiki huandikwa kama kimelea. Kimelea kina kipande cha saitoplazimu ya buluu kando ya kidoa chekundu, Howell-Jolly hana.

Kutoziona si ushahidi kwamba hakuna ugonjwa. Mwenye vinasaba vya nusu, yaani AS, slaidi yake kwa kawaida haina tofauti na ya mwingine. Mtoto chini ya miezi 6 bado analindwa na hemoglobini ya tumboni. Anayetumia haidroksiyurea anaweza kuwa na chache sana, na aliyeongezewa damu juzi unasoma seli za mtu mwingine zilizochanganyika na zake.

Kipimo cha metabisalfaiti kinasaidia hapo. Yeyusha gramu 0.2 za metabisalfaiti ya sodiamu kwenye mililita 10 za maji yaliyokenekwa, asubuhi ya siku ile ile, kwa sababu dawa hii hufa baada ya siku moja. Changanya tone la damu na tone la dawa, funika kwa kioo chembamba, ziba kingo zote kwa vaselini ili oksijeni isiingie, na usome baada ya saa moja. Ikiwa hakuna kitu, isome tena slaidi ile ile kesho yake. Weka daima damu inayojulikana kuwa na selimundu pembeni. Isipojikunja hiyo, dawa imekufa na majibu yote ya siku hiyo hayana maana. Kumbuka pia kwamba AS na SS wote wanajikunja hapa. Kuwatenganisha ni kazi ya elektroforesisi ya hemoglobini.

## Hatua ya 7: Blasti

Hapa usiwe na haraka. Pima kwa seli nyekundu ya jirani, ambayo ina upana wa mikromita 7 hivi. Blasti nyingi ni kubwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya hiyo, nyingine zaidi. Kiini kinachukua karibu seli nzima, na saitoplazimu inabaki kama pete nyembamba ya buluu.

Lakini ukubwa ni dalili dhaifu, kwa sababu blasti za aina ya limfo zinaweza kuwa ndogo. Kinachoamua ni kromatini, yaani jinsi kiini kilivyofumwa. Kwenye blasti ni laini na imetawanyika sawasawa, kama unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Kwenye limfosaiti iliyokomaa imeganda mabonge mabonge, kama unga ulioingia maji. Ndani ya ule ulaini tafuta nukleoli: duara moja hadi nne, hafifu, zenye buluu nyepesi.

Ukibahatika kuona kijiti chembamba chekundu-zambarau ndani ya saitoplazimu, hicho ni kijiti cha Auer. Seli ya kawaida haiwi nacho kamwe. Kimoja kinatosha kusema kwamba blasti hizi ni za ukoo wa mayeloidi.

Pacha wa blasti ni wawili, na wote huonekana sana Kigoma.

Wa kwanza ni limfosaiti iliyochokozwa na virusi au malaria. Ni kubwa, lakini saitoplazimu yake ni nyingi, inajikunja kuzizunguka seli nyekundu za jirani, na ukingo wake unakoza buluu pale inapozigusa. Kisha tazama kundi zima. Limfosaiti zilizochokozwa kila moja ina sura yake. Blasti za mgonjwa mmoja kwa kawaida hufanana kama watoto wa mama mmoja.

Wa pili ni seli nyekundu yenye kiini. Kiini chake ni kidogo, cha duara, cheusi kizito kama mbegu ya papai, na saitoplazimu inayokizunguka ina rangi ya waridi au kijivu, ikielekea ile ya seli nyekundu za kando. Mashine nyingi haziwezi kuitenganisha, huihesabu kama seli nyeupe.

## Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Chukulia mtoto wa miaka 5 kutoka mwambao wa kusini, ana homa na macho ya njano. Mashine inatoa hemoglobini 6.0, seli nyeupe 32.0, na onyo `Blasts?`. Daktari anapiga simu kuuliza kama ni saratani ya damu.

Slaidi ya mwenye afya haina seli shabaha, kwa hiyo matayarisho ni mazuri. Kwa lenzi ya 10, mkiani hakuna mkusanyiko wa seli kubwa. Kwa lenzi ya 100 kuna selimundu tatu au nne kila uwanja, zimeelekea pande zote, zikiwa na seli shabaha kati yao na kidoa cha Howell-Jolly hapa na pale. Na kuna seli ndogo za duara zenye kiini cheusi kizito na saitoplazimu ya waridi-kijivu. Hizo ndizo zilizoishtua mashine.

Hesabu seli nyeupe 100. Pembeni, bila kuzichanganya na hizo 100, hesabu seli nyekundu zenye kiini unazokutana nazo. Tuseme zimefika 60. Rekebisha hesabu ya mashine:

```
32.0 × 100 ÷ (100 + 60) = 20.0
```

Seli nyeupe za kweli ni 20.0. Bado ziko juu, lakini si jambo geni kwa mtoto wa selimundu mwenye homa. Kwenye zile 100 umepata nyutrofili 58, limfosaiti 34, monosaiti 5, eosinofili 3, na blasti sifuri. Kama mashine yako ni ya zile zinazohesabu zenyewe seli nyekundu zenye kiini na kuziondoa, usirekebishe tena, utakuwa umepunguza mara mbili.

Tafuta malaria pia, kwenye slaidi nzito. Selimundu haimkingi mtoto wa SS na malaria, na malaria hiyo ndiyo inayoweza kuwa imemshusha hemoglobini.

## Hatua ya 8: Andika ulichokiona

Kwa mtoto huyo, jibu linasomeka hivi: "Selimundu nyingi, seli shabaha kiasi, vidoa vya Howell-Jolly vipo. Seli nyekundu zenye kiini 60 kwa seli nyeupe 100. Seli nyeupe baada ya kurekebisha 20.0. Blasti hazikuonekana. Inaelekeana na ugonjwa wa selimundu. Elektroforesisi ya hemoglobini inashauriwa kabla ya kuongezewa damu, au sampuli ya EDTA itunzwe kabla." Kile kipande cha mwisho kinasahaulika, na damu ikishaingia, elektroforesisi italeta jibu la mchanganyiko.

Kama ungekuta blasti za kweli, usiandike leukemia. Andika asilimia yake na sura yake: ukubwa, kromatini, nukleoli, na kama kuna vijiti vya Auer. Slaidi inaonyesha seli, lakini aina ya ugonjwa hujulikana kwa vipimo vya uboho na vya alama za seli, na hivyo vinafanyika kwenye hospitali za rufaa za juu kama Bugando, Mwanza, au Muhimbili.

Majibu hayo hayangojei karatasi ipande ngazi. Mpigie daktari saa hiyo hiyo, hata ikiwa umeona blasti mbili tu kati ya 100. Mwambie pia asianzishe prednisoloni wala deksamethasoni kabla hajaongea na wataalamu wa huko anakompeleka mgonjwa, kwa sababu steroidi zinaweza kuzifuta blasti za aina ya limfo kabla ya uboho kuchukuliwa. Kisha vuta slaidi nne zaidi kabla damu haijazeeka: mbili zitie rangi, mbili zigandishwe kwa methanoli tu. Zifunge moja moja kwenye karatasi kavu, mbali na fomalini, maana mvuke wake unaharibu rangi hata kupitia boksi, na umkabidhi anayemsindikiza mgonjwa mkononi.